Tangazo la Nguo za Idd Litaje Kitambaa, Kipimo na Siku

Kila mwaka mwezi wa Shaaban unapoingia, simu zetu hujaa matangazo ya mafundi cherehani. Tunayapokea katika makundi ya WhatsApp ya familia, ya madrasa na ya wapangaji wa nyumba moja. Mengi yao yamefanana kiasi kwamba ukiliondoa jina la fundi huwezi kujua limetoka Songea, Mbinga au Tanga. Tuchukue moja la mfano, la fundi mwanamke wa Mbinga mjini mwenye cherehani mbili na msaidizi mmoja, ambaye wateja wake wengine wako Mbamba Bay, Liuli na vijiji vingine vya mwambao wa Ziwa Nyasa:

"Alhamdulillah! Toleo letu jipya la Idd limetoka! Abaya za kipekee, kanzu za kisasa, kitambaa cha hali ya juu, mishono ya kuvutia. Saizi zote zipo, wakubwa kwa watoto. Bei ni nafuu. Wahi mapema, usikubali kupitwa!"

Hakuna uongo ndani ya maneno hayo. Hata hivyo, mama aliyeko Liuli akimaliza kuyasoma hana analolijua ambalo hakulijua kabla. Hajui kitambaa ni kipi, hajui kama abaya itamtosha begani, wala hajui "mapema" ni lini. Fundi naye hapumziki, kwani kila anayesoma humpigia simu kuuliza yaleyale, na anayeona haya kuuliza huagiza kwa kubahatisha, kisha usiku wa kuamkia Idd pakazuka lawama. Leo tumeona tulichukue tangazo hili, tulifumue na kulishona upya, tukianza na kitambaa, tukifuata na kipimo, na kumalizia na siku ya mwisho ya kupokea oda.

Kitambaa: mkono wa mteja haupo

Anayenunua dukani hushika nguo. Huikunja ngumini aone kama inabaki na mikunjo, huiinua juu kwenye mwanga, huisugua kwa vidole apime uzito wake. Imepokewa kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alipita sokoni penye rundo la nafaka, akauingiza mkono wake ndani, akakuta unyevu chini ya nafaka kavu ya juu, naye akamkemea muuzaji kwa kuuficha. Mteja wa Liuli hana nafasi ya kuuingiza mkono wake katika rundo. Kwa hiyo anayeuza kwa maneno na picha anapaswa kuyaandika yale ambayo mkono wa mnunuzi ungeyagundua.

La kwanza ni jina la kitambaa na nyuzi zake. "Hali ya juu" si jina la kitambaa. Abaya nyingi tunazoziona zimeshonwa kwa nida, ambayo ni nyuzi za poliesta. Uzuri wake ni kwamba haikunjiki upesi, hairudi ikifuliwa, na weusi wake hudumu. Kasoro yake ni kwamba haifyonzi jasho kama pamba. Poplini ya pamba hufyonza jasho na huburudisha mwili, lakini hukunjika na huweza kurudi inapofuliwa mara ya kwanza. Tetroni, yaani mchanganyiko wa pamba na poliesta ambao wengi wanaufahamu kutokana na sare za shule, iko katikati ya hivyo viwili.

Fundi asiye na hakika na alichouziwa ana njia rahisi ya kujua. Achomoe nyuzi chache kutoka ukingoni, azishike kwa koleo na kuziwasha. Nyuzi za pamba huungua zikinuka kama karatasi na kuacha majivu laini ya kijivu. Nyuzi za poliesta huyeyuka, zikajikunja na kuacha punje ngumu nyeusi. Zikitokea dalili zote mbili kwa pamoja, huo ni mchanganyiko. Jaribio hili halitampa kiasi kamili cha kila aina, ila litamzuia kuandika "pamba tupu" juu ya kitu ambacho sicho.

La pili ni kuonyesha mwili. Fundi asimame dirishani mchana, aweke kiganja nyuma ya kitambaa kikiwa tabaka moja. Akiona mpaka wa vidole, kitambaa hicho kinahitaji bitana au gauni la ndani, na tangazo liseme hivyo. Kwa kanzu nyeupe, jaribio zuri ni kuweka suruali nyeusi chini yake, kwa sababu kitambaa kinachoonekana kizito mezani huweza kuudhihirisha mpaka wa suruali mara mvaaji anapotoka juani.

La tatu ni kurudi na kuchuja. Fundi akate kipande, aweke alama mbili zilizoachana sentimita 50, akifue kwa maji ya vuguvugu, akikaushe, kisha apime tena. Zikibaki sentimita 48, kitambaa kimepungua 4 kwa kila 100. Upungufu huo si mdogo kama unavyosikika, kwani kanzu yenye urefu wa inchi 56 itapungua zaidi ya inchi mbili, na iliyokuwa ikiishia kifundoni itapanda hadi kwenye muundi. Kitambaa cha namna hiyo kifuliwe kabla ya kukatwa, na tangazo litaje kwamba kimekwisha kufuliwa. Kuhusu rangi, kitambaa cheupe kilicholowa kikisuguliwa juu ya kile cheusi na kuondoka na weusi, mteja aambiwe aifue nguo hiyo peke yake.

Hapa kwetu kuna jambo lingine ambalo fundi wa Dar es Salaam halimsumbui sana. Mbinga iko juu katika milima ya Umatengo, mahali ambapo asubuhi za Juni na Julai watu hutoka na makoti. Ziwa Nyasa liko chini sana, takriban mita 475 tu juu ya usawa wa bahari, na joto la Mbamba Bay ni jingine kabisa. Abaya ileile ya krepu nzito yenye bitana, ambayo Mbinga mjini itasifiwa kwa kukinga baridi, ziwani itamfanya mama atamani kurudi nyumbani kabla ya khutba kumalizika. Kwa hiyo neno "ina bitana" au "haina bitana" si pambo katika tangazo la fundi wa huku. Kwa mteja wa ziwani huenda likawa ndilo linaloamua kama ataagiza au hataagiza.

Mwisho katika mlango huu ni suala la sare. Familia nyingi hupenda baba, mama na watoto wavae rangi moja siku ya Idd. Kitambaa cha jina moja na rangi moja kikitoka katika majora mawili huweza kutofautiana kidogo, na tofauti hiyo, isiyoonekana chini ya taa ya duka, huonekana wazi juani watu wakiwa wamesimama bega kwa bega. Tangazo liseme kwamba anayetaka sare aagize nguo zote kwa pamoja ili zikatwe katika jora moja.

Kipimo: "saizi zote" haimvishi mtu

Maneno "saizi zote zipo" yana kasoro mbili. Kwanza, fundi anayeshona kwa oda hana saizi yoyote rafuni, bali ana mkasi na futi kamba. Pili, herufi zinazoandikwa kwenye nguo za dukani hazina kipimo kimoja, na nguo "kubwa" ya kiwanda kimoja huweza kuwa "ya wastani" kwa kingine.

Abaya, kwa bahati nzuri, ina desturi yake. Katika nchi za Ghuba na hata kwetu, namba za abaya kama 52, 54, 56 na 58 ni urefu wa nguo kwa inchi kutoka begani hadi chini. Namba hiyo haisemi lolote kuhusu kifua. Mwanamke mrefu mwembamba na mwanamke mrefu mnene wote huweza kuhitaji 56, nayo ikamkaa vizuri mmoja na kumbana mwingine makwapani. Kwa hiyo tangazo litaje mambo mawili, yaani urefu na mzunguko wa kifua wa nguo iliyokwisha kushonwa.

Maneno "nguo iliyokwisha kushonwa" yana uzito wake. Mteja akipima kifua chake akapata inchi 40, abaya yake haiwezi kuwa na inchi 40, kwani itamkamata kama ngozi. Abaya ya kutiririka huhitaji nafasi ya inchi 8 hivi, hivyo nguo itakuwa na mzunguko wa inchi 48. Nguo hiyo ikilazwa mezani na kupimwa upande hadi upande itasoma 24. Sasa tuna namba tatu, yaani 40, 48 na 24, na zote ni sahihi kwa mtu yule yule. Tangazo linaloandika "kifua 48" bila kueleza ni kifua cha nguo au cha mwili limefungua mlango wa ugomvi. Afadhali kuandika: "Tuma kipimo cha mwili wako, sisi tutaongeza nafasi ya inchi 8."

Vipimo vitakavyotumwa kutoka mbali viwe vichache, navyo vielezwe namna ya kuvichukua. Kwa abaya tunaona vinne vinatosha. Urefu hupimwa kutoka bega linapokutana na shingo, utepe ukishuka kupitia kifuani hadi sakafuni, mpimwaji akiwa amevaa viatu atakavyovaa siku hiyo, kisha ipunguzwe inchi moja ili nguo isifagie vumbi. Kifua hupimwa mahali palipojaa zaidi, juu ya nguo nyepesi, utepe ukiwa umelala bila kukaza. Bega hupimwa mgongoni, kutoka ncha hadi ncha. Mkono hupimwa kutoka ncha ya bega hadi mfupa wa kifundo cha mkono.

Anayepimwa na mtoto wake nyumbani huweza kukosewa, na fundi hana njia ya kuona kosa hilo ila kwa hesabu ndogo. Amwombe mteja kipimo cha tano, kutoka mfupa wa nyuma ya shingo, kupitia juu ya bega, hadi kifundo cha mkono. Kipimo hiki lazima kikaribiane na nusu ya bega ukijumlisha mkono. Mteja aliyetuma bega 15 na mkono 23 anatarajiwa kupata inchi 30 na nusu. Akileta 34, kuna mahali utepe uliteleza, na ni nafuu kulijua hilo kabla ya mkasi kugusa kitambaa.

Kosa jingine hutokana na utepe wenyewe, ambao una inchi upande mmoja na sentimita upande wa pili. Kwa mtu mzima ni rahisi kung'amua, kwa kuwa hakuna mwenye kifua cha inchi 102. Kwa watoto si rahisi. Mzazi akiandika "urefu 56" wa kanzu ya mtoto bila kutaja kipimo, fundi asipouliza umri atashona kwa inchi, kumbe zilikusudiwa sentimita 56, ambazo ni inchi 22 tu. Tangazo liandike "kwa inchi", na oda ya mtoto iambatane na umri wake. Watoto nao hukua, kwa hiyo pindo la inchi 3 liachwe chini ya kanzu na gauni, lifumuliwe mwaka ujao, na jambo hilo litajwe kwa sababu mzazi hulithamini.

Siku: hesabu ianzie Idd irudi nyuma

Tumefika penye uzito wa shauri hili. Mtume alipowasili Madina aliwakuta watu wakilipia tende kabla hazijavunwa, mwaka mmoja au miwili mbele. Hakuwakataza kulipana mapema, bali aliwaagiza kipimo kijulikane, uzani ujulikane na muda ujulikane. Wanafiqhi wana milango yao ya kulipia kabla na ya kuagiza kitu kitengenezwe, na hatutaingia humo. Linalotuhusu ni kwamba neno "mapema" si muda unaojulikana.

Siku ya mwisho ya kupokea oda haichaguliwi kwa kupendeza kwake. Hupatikana kwa hesabu, na hesabu huanzia siku ya Idd ikirudi nyuma. Fundi wetu asihesabu Ramadhani kuwa siku 30, kwa sababu mwezi ukiandama usiku wa baada ya siku ya 29, kesho yake ni Idd, na aliyejiwekea kazi ya siku ya 30 ameumia. Basi tuseme kila nguo iwe mikononi mwa mwenyewe ifikapo 27 Ramadhani. Kabla ya hapo zinahitajika siku za kujaribisha na kurekebisha, kuanzia 23 hadi 27. Ushonaji wa nguo mpya kwa hiyo ukome 22 Ramadhani.

Nguo za ziwani zina safari mbele yake. Barabara ya Mbinga hadi Mbamba Bay, kilomita zipatazo 67, sasa ni ya lami na furushi hufika siku ile ile. Kutoka Mbamba Bay kuendelea na mwambao hadi Liuli na kwingineko, safari hutegemea gari litakalopatikana na hali ya njia, na miaka hii Ramadhani inaangukia katika msimu wa mvua, ambao mkoani Ruvuma huendelea hadi Aprili. Nguo ikibana, lazima ipande mlima kurudi Mbinga kisha ishuke tena. Hivyo furushi la ziwani liondoke Mbinga si zaidi ya 20 Ramadhani, na nguo inayohitaji marekebisho irudishwe kabla ya 24.

Sasa tuhesabu mikono. Fundi akianza kushona 10 Shaaban, na tukiuhesabu mwezi huo kuwa siku 29 kwa tahadhari, ana siku 20 hadi mwisho wa Shaaban, ambazo ukitoa mapumziko ya siku moja kwa wiki zinabaki 17. Yeye na msaidizi wake humaliza nguo 3 kwa siku, hivyo ni nguo 51. Katika Ramadhani, kwa futari na tarawehe, tuseme wanamaliza 2 kwa siku. Siku 22 zikitolewa mapumziko zinabaki 19, hivyo ni nguo 38. Jumla ni 89. Lakini umeme hukatika, sindano huvunjika, mtoto huugua, na jirani huja na suruali ya kupunguzwa. Tukiweka akiba ya karibu sehemu moja ya tano, zinabaki nguo 70.

Hiyo 70 ndiyo namba ambayo matangazo mengi hayaitaji, na kukosekana kwake ndiko kunakomfanya fundi mwaminifu aonekane mwongo. Fundi aliyetangaza tarehe pekee, akapokea oda 110 zote zikiwa ndani ya tarehe, hakuvunja neno lake hata moja, na bado watoto 40 watakwenda uwanjani na nguo za mwaka jana. Dalili ya kuzidiwa huonekana mapema. Oda zikifungwa 10 Ramadhani, siku za kushona zilizobaki ni 12, na ukitoa mapumziko ni kumi hivi. Kwa nguo 2 kila siku, foleni inayozidi nguo 20 siku hiyo haitamalizika. Kwa hiyo tangazo liseme oda zinafungwa tarehe fulani au zikifika 70, lolote litakalotangulia.

Tarehe za Kiislamu hutofautiana kwa siku moja kufuatana na kuonekana kwa mwezi, basi fundi akishajua siku ya kwanza ya Ramadhani aandike pembeni siku ya wiki na tarehe ya kawaida, ili pasiwe na wawili wenye hesabu mbili.

Limebaki la malipo. Kahawa ya Mbinga huvunwa katikati ya mwaka, na Idd inayoangukia katika mvua huwakuta wakulima wengi wakiwa mbali na fedha za mavuno. Kutaja bei kamili na kuigawa mara mbili ni msaada wa kweli kwao. Arubuni iwe na sababu. Abaya ya urefu wa 56, ukiongeza mshono na pindo, hukatwa mara mbili kwa inchi 59, yaani mita 3 za nida yenye upana wa inchi 58 au 60, na mikono hupatikana pembeni. Poplini ya inchi 45 haina nafasi hiyo pembeni, hivyo mikono hudai sentimita 65 hivi zaidi. Tukikadiria nida shilingi 7,000 kwa mita, ni 21,000, na uzi na vifungo 3,000. Arubuni ya 24,000 basi inalipia vitu vyenyewe, na 24,000 ya pili ni ujira wa fundi, inayolipwa nguo ikiwa tayari.

Mteja akighairi je? Wanazuoni wamekhitalifiana juu ya muuzaji kuizuia arubuni. Madhehebu ya Hanbali yameiruhusu, na wengi wa wengine wameikataa. Fundi amwulize shekhe wake, kisha aliloambiwa aliandike kabla ya kupokea fedha. Katika mfano wetu atairudisha yote iwapo kitambaa hakijakatwa. Kikishakatwa, atajaribu kuiuza nguo hiyo kwa mwingine na kumrudishia mwenyewe fedha zake itakapouzwa.

Tangazo lililoshonwa upya

Baada ya hayo, tangazo letu linasomeka hivi:

"Assalaam alaykum. Nguo za Idd, Mbinga mjini. Tunashona kwa oda kuanzia 10 Shaaban.

ABAYA nyeusi ya nida (poliesta). Haina bitana, haionyeshi mwili, hairudi ikifuliwa. Ni nyepesi, ila haifyonzi jasho kama pamba. Urefu 52 hadi 58. Kifua: kipimo cha mwili wako, nasi tunaongeza inchi 8. Sh 48,000.

KANZU nyeupe ya tetroni (pamba na poliesta), imefuliwa kabla ya kukatwa. Kifuani ina bitana; chini vaa suruali nyeupe, ya rangi itaonekana. Huishia juu ya kifundo cha mguu. Mkubwa Sh 35,000. Mtoto Sh 22,000, yenye pindo la akiba la inchi 3.

SARE ya familia: agizeni pamoja tukate jora moja.

VIPIMO kwa inchi: urefu, kifua, bega, mkono, na kutoka mfupa wa shingo hadi kifundo cha mkono. Mtoto: taja na umri.

MWISHO WA ODA: wa ziwani 5 Ramadhani, wa Mbinga 10 Ramadhani, au oda zikifika 70. Leo zimebaki 70.

KUPOKEA: furushi za ziwani zinaondoka kabla ya 20 Ramadhani, nauli juu ya mteja, marekebisho yarudi kabla ya 24. Wa Mbinga: kujaribisha 23 hadi 25, kuchukua mwisho 27.

MALIPO: nusu wakati wa kuagiza, nusu nguo ikiwa tayari. Ukighairi kabla hatujakata, unarudishiwa yote. Tukishakata, utarudishiwa nguo ikipata mnunuzi mwingine."

Ni refu kuliko lile la kwanza, lakini mama wa Liuli akilisoma mara moja anajua kama abaya hii inafaa joto la kwao, anajua apime wapi, na anajua kwamba 5 Ramadhani ikipita atafute fundi wa karibu. Sifa zimeondoka zote na hakuna aliyezikosa. Picha iambatane nalo, iliyopigwa mchana karibu na dirisha, moja ya nguo nzima na moja ya kitambaa kikiwa juu ya kiganja, ili weusi usidhaniwe kuwa bluu iliyokolea.

Kazi iliyobaki ni ndogo, nayo ndiyo inayosahauliwa. Sentensi ya "leo zimebaki 70" lazima ibadilishwe kadiri oda zinavyoingia. Fundi aweke daftari lenye namba ya oda, vipimo vitano, arubuni na siku aliyoahidi, na kila jioni ya Ijumaa alitume tangazo upya likiwa na idadi mpya. Ikifika sifuri, aandike kwamba oda zimefungwa, na anayempigia baada ya hapo, hata akiwa shemeji yake, ajibiwe kwa upole kwamba nafasi yake ilikwisha kuchukuliwa na mtu aliyelipa kabla yake.